Funguo Tatu: Kumjengea Mhusika Mkuu Usuli na Safari Yake

Katika kozi nyingi za uandishi wa filamu utapewa zoezi la kumwandikia mhusika wako mkuu wasifu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, anapenda chakula gani, mchumba wake wa kwanza alikuwa nani. Lifanye kama umeagizwa, kisha liweke kando. Wasifu wa kurasa 6 hauwezi kuendesha filamu ya dakika 100, maana ndani yake kila jambo lina uzito sawa na jenzake. Skripti inataka kitu kidogo na kikali zaidi: tukio moja lililompata mhusika kabla ya filamu kuanza, pamoja na funzo lisilo sahihi alilolitoa katika tukio hilo. Ninapotaja usuli wa mhusika, ninamaanisha hivyo viwili tu.

Tumchukue mhusika mmoja wa kubuni na kumfuata mpaka mwisho. Tumwite Salma. Ana miaka 34, anaishi Pangani, ni fundi cherehani, na ndiye anayelaza sanduku la kikoba cha wanawake 25. Aliyewahi kuwa kwenye kikoba analijua sanduku hilo: la chuma, lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu ambao hakuna hata mmoja wao anayekaa na sanduku. Hufunguliwa kwenye kikao tu, mbele ya macho ya wote. Mzunguko ukiisha, kwa kawaida baada ya mwaka hivi, kikoba huvunjwa na kila mtu huchukua chake kulingana na hisa zake. Nimechagua kikoba kwa sababu ni chombo kilichoundwa kwa ajili ya watu wanaoaminiana nusu nusu, na kuaminiana ndiko kunakomsumbua Salma. Mazingira ya filamu yako nayo yachaguliwe hivyo, yamguse mhusika pale pale panapomuuma.

Tukio na funzo lake

Salma alipokuwa na miaka 12, baba yake alimdhamini rafiki yake, Kassim, kwenye mkopo wa injini ya boti. Kassim akatoweka. Nyumba ya baba ikapigwa mnada.

Huo ni muhtasari, na muhtasari haukusaidii kuandika. Kaa uandike ukurasa mmoja wa tukio lenyewe kama mtoto yule alivyoliona, kwa wakati uliopo, bila kueleza hisia. Mnadi ana kipaza sauti kibovu. Majirani wamesimama upande wa pili wa barabara, na hakuna anayesogea. Salma amepewa saa ya ukutani aibebe, nayo bado inatembea, na anavuka nayo barabara huku wote wakimtazama. Kamera itahitaji vitu vya aina hiyo baadaye, hata kama tukio lenyewe halitapigwa picha kamwe. Ukiandika kwamba familia yake ilifilisika akaumia sana, huna cha kutumia.

Chini ya ukurasa huo andika sentensi moja, kwa kinywa cha Salma mwenyewe, inayosema alichojifunza siku ile. Yake ni hii: “Ukimwamini mtu, unalipa wewe.” Wanafunzi wengi hukosea hapa, huandika hisia: Salma ana uchungu, Salma anaogopa umaskini. Hisia haimwambii mtu afanye nini kesho asubuhi. Funzo lazima litoe amri. Tena liwe na mantiki kwa mtoto aliyeyaona yale, na liwe limemsaidia kwa miaka mingi kabla ya kuanza kumgharimu. Salma hajawahi kudhulumiwa tangu siku ile. Ana akiba, ana wateja, hana deni. Funzo likiwa la kipumbavu tangu mwanzo, mtazamaji atamshangaa mhusika badala ya kumwelewa, na saa moja na nusu ni ndefu mno kukaa na mtu unayemshangaa.

Tukio liwe moja. Ninasisitiza kwa sababu rasimu za kwanza karibu zote zina msururu: yatima, akateswa na mama wa kambo, akafukuzwa shule, akatelekezwa na mume, na sasa ana ugonjwa. Kila balaa unaloongeza linapunguza nguvu ya lile la kwanza, kwa sababu mtazamaji hajui tena ni lipi linalomsukuma mhusika. Ukiona huwezi kuchagua, jiulize ni tukio lipi ambalo likiondolewa, mhusika angefanya uamuzi tofauti mwishoni mwa filamu. Hilo libaki, mengine yafute.

Kutoka funzo hadi mazoea

Kamera haipigi picha imani, hupiga picha mikono. Kwa hiyo ligeuze funzo liwe mazoea mawili au matatu yanayoonekana. Salma hahesabu pesa mara moja tu, hata chenji aliyopewa na mama yake mzazi. Hatii mkasi kwenye kitambaa cha mteja kabla hajalipwa yote. Na zoea la tatu ni la siri. Kikoba kilipoanza, yeye ndiye aliyetumwa dukani kununua kufuli tatu. Kufuli za dukani huja na funguo zaidi ya moja. Aligawa ufunguo mmoja mmoja kwa washika funguo, na zile za akiba akazihifadhi nyumbani, ndani ya kopo la vifungo. Hakukusudia kuiba, na hajawahi kuzitumia. Alitaka tu kuwa na uhakika.

Angalia tofauti iliyopo kati ya zoea la tatu na yale mawili ya mwanzo. Yale yanamchora Salma. Hili linazalisha hadithi, maana sanduku na funguo zote tatu sasa vimelala nyumba moja na ulinzi wa kikoba umekufa bila mtu yeyote kujua. Mdogo wake, Idi, akizigundua siku moja, kila kitakachofuata kitakuwa kimetokana na saa ile ya ukutani. Jitahidi sana kupata angalau zoea moja la namna hii. Ukilipata, nusu ya kazi yako ya kupanga matukio imeisha.

Kipimo chake ni rahisi. Mbadilishie Salma utoto, mfanye mtoto wa familia tajiri isiyowahi kupoteza kitu, kisha soma upya mpango wa matukio. Kama hadithi inaweza kuendelea vile vile, usuli wako ni pambo.

Katika Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga, Mwas tunamkuta kijijini akiuza filamu kwenye diski na kuwaigizia wateja vipande vyake ili wanunue. Kwa zoea hilo moja tumeshajua anataka nini maishani, kabla hajapanda basi la kwenda mjini.

Anachokitaka na anachopungukiwa

Mpe mhusika lengo linaloshikika, ambalo mwisho wa filamu mtazamaji anaweza kusema amelipata au amelikosa. Salma anataka kuinunua tena nyumba ya baba yake. Mwenye nyumba anauza, na amekubali kumsubiri mpaka kikoba kitakapovunjwa. Hapo una lengo, una tarehe, na una pesa inayohesabika.

Anachopungukiwa ni kitu kingine, na yeye hakijui: uwezo wa kusimama dhamana kwa mtu mwingine bila hakika yoyote. Sasa angalia kosa ambalo walimu wengi hawalisemi mapema. Mwanafunzi huandika lengo na upungufu vinavyokwenda njia moja: Salma anataka nyumba, anapungukiwa upendo, basi anapendwa na kupata nyumba. Hapo hakuna safari. Panga mambo ili kimoja kiuzwe kununua kingine, na mhusika ajue bei yake anapolipa.

Ramani ya kurasa

Skripti ya filamu ndefu huwa na kurasa kama 90 hadi 110, na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida hukaribia dakika moja ya picha. Namba ninazotoa hapa zipokee kama alama za njia. Ukichelewa kurasa 4 hakuna aliyekufa, ukichelewa 20 mtazamaji amelala.

Katika kurasa 10 za kwanza funzo la Salma lishinde. Mteja mwenye maneno matamu anataka kushonewa gauni la harusi kwa mkopo. Salma anakataa. Siku ya pili tunasikia mteja huyo amemkimbia fundi mwingine na deni. Waandishi wachanga huanza kwa kuonyesha kwamba mhusika amekosea, na wanapoteza nafasi ya kumfanya mtazamaji akubaliane naye. Tukubaliane naye kwanza.

Karibu na ukurasa wa 12, kikao kinafunguliwa na pesa zimepungua. Shaka inawaangukia washika funguo watatu, na zaidi Rehema, mjane, rafiki wa Salma, aliyeomba mkopo mwezi uliopita akanyimwa. Karibu na ukurasa wa 25, Salma mwenyewe anajitolea kuongoza uchunguzi. Asilazimishwe na mtu, ajitolee. Mhusika mkuu anayesukumwa tu na matukio hana safari ya kwenda.

Ukurasa wa 50 ndipo ninapotaka utumie muda mrefu kuliko popote. Mpaka hapo Salma amekuwa akitafuta mwizi kwa nia njema, na kila anachokiona kinathibitisha funzo lake kwamba watu si wa kuaminiwa. Sasa anafungua kopo la vifungo, anakuta funguo zimefungwa pamoja kwa uzi ambao si wake, na anautambua uzi huo: ni wa nyavu za Idi. Swali la filamu linageuka. Tulikuwa tunauliza nani amechukua, sasa tunauliza kama Salma atasema. Na tazama anachofanya mtu aliyebanwa: hashiki jipya, anang'ang'ania la zamani kwa nguvu zaidi. Anazitupa funguo mtoni. Anaendelea na uchunguzi huku akijua. Yule aliyesema watu hawaaminiki amekuwa yeye ndiye asiyeaminika. Nusu ya pili ya skripti ikikulegea, rudi hapa. Mara nyingi utakuta ukurasa wako wa 50 umeongeza taarifa bila kugeuza swali.

Karibu na ukurasa wa 75 wanachama wanakwenda kwa Rehema kuchukua vitu vyake kufidia pesa. Majirani wamesimama upande wa pili wa barabara. Binti wa Rehema anavuka akiwa amebeba redio. Salma yuko katikati ya wale wanaotazama. Usiweke kumbukumbu ya saa ya ukutani hapa, wala muziki wa kuwakumbusha watu. Kama ulipanda mbegu yake vizuri, mtazamaji atajikumbusha mwenyewe, na atakuheshimu kwa kumwachia kazi hiyo.

Kilele kinakuja karibu na ukurasa wa 90, kwenye kikao cha kuvunja kikoba. Nilizitupa funguo mtoni makusudi: ushahidi haupo, Salma angeweza kunyamaza milele. Anasimama, anasema alikuwa nazo. Anaomba upungufu wote ukatwe kwenye hisa zake. Wanamuuliza nani alizitumia, naye hamtaji. Anasema deni la huyo mtu ni lake. Amefanya jambo lile lile alilofanya baba yake, na nyumba imekwenda. Kilele cha safari ya mhusika ndicho hicho: kitendo ambacho mtu wa ukurasa wa 1 asingeweza kukifanya, kinacholipiwa kwa lengo lenyewe. Kama mabadiliko yanakuja baada ya tatizo kwisha, au yanaletwa na mawaidha ya mzee wa mtaa, shehe au mchungaji, mtazamaji atayasikia lakini hatayaamini, maana hajaona bei.

Kuitoa siri kidogo kidogo

Swali la kila darasa: mtazamaji ataujuaje mnada wa zamani? Jibu langu ni kwamba aujue kwa vipande, na kila kipande kitolewe na mtu anayetaka kitu wakati huo huo. Ukurasa wa 8, Salma anapita mbele ya ile nyumba na kupunguza mwendo, basi. Ukurasa wa 40, Rehema akiwa amekasirika anamtupia maneno kuhusu mzee aliyenadiwa mchana kweupe. Kipande cha mwisho kiko kwa mama. Rasimu ya kwanza ya mwanafunzi huwa hivi:

SALMA: Unakumbuka, mama, nilipokuwa na miaka 12, baba alimdhamini Kassim mkopo wa injini, Kassim akatoroka na nyumba yetu ikapigwa mnada?

Mama anajua yote hayo. Salma anamwambia mtazamaji, na kila aliye ukumbini anasikia mwandishi akipumua. Jaribu kumpa mama haja yake mwenyewe. Anataka kumtorosha Idi, na anayemzuia ni Salma:

NDANI. NYUMBA YA SALMA – USIKU

Mama anakunja nguo za Idi na kuzitia begini. Salma amesimama mlangoni, mkono kwenye komeo.

SALMA: Unampeleka wapi?

MAMA: Muheza, kwa mjomba wake.

SALMA: Haendi mpaka aseme pesa ziko wapi.

MAMA: Halafu umtoe kwa wenzio?

SALMA: Baba aliwaamini watu, mama. Tukalala kwenye baraza za watu.

MAMA: Baba yako alijua.

Mkono wa Salma unatoka kwenye komeo.

MAMA: Kassim alikuja usiku kumuaga. Baba yako akampa nauli.

Kipande hiki kinafanya zaidi ya kufichua. Kinageuza maana ya tukio lenyewe: baba hakutapeliwa, alichagua. Salma amejenga maisha yake juu ya siku aliyoisoma visivyo. Ndiyo maana nakushauri, unapoandika ule ukurasa wa tukio, andika na ukurasa wa pili mfupi wenye yale ambayo mtoto hakuyaona. Katika daftari langu Kassim ndiye aliyebaki majini na baba usiku boti ilipopinduka, na baba alikuwa analipa. Huenda hilo lisiingie kwenye filamu hata kwa neno moja, lakini lisipokuwepo kichwani mwako, mama atasema sentensi zake kwa sauti ya mtu asiyejua anachokisema.

Kuhusu kisengerenyuma, wengi hukikimbilia mapema mno. The First Grader ya mwaka 2010, inayomhusu Kimani Maruge aliyeanza shule ya msingi akiwa na miaka 84, hurudi nyuma mara kadhaa kwenye mateso yake ya wakati wa Mau Mau, na inastahili, kwa kuwa yaliyompata wakati ule yanamfuata mpaka darasani na hadithi yake ni sehemu ya hadithi ya nchi. Kwa Salma ningekataa. Utahitaji mtoto mwigizaji, mavazi na mtaa wa miaka 22 iliyopita, siku za ziada za kupiga picha, na ukishamaliza utakuwa umemwonyesha mtazamaji toleo la mtoto, lile ambalo mama anakuja kulibomoa kwa maneno machache tu.

Kama mhusika wako habadiliki

Wapo wahusika wakuu wasiobadilika, na ni halali kabisa. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, Jo ni msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa filamu, na anabaki akitaka hivyo. Wanaosogea ni mama yake, dada yake na kijiji kizima. Ukiamua njia hiyo, kila nilichosema kuhusu funzo na bei kihamishie kwa mtu wa karibu naye zaidi, na umwandikie huyo ukurasa wa tukio. Kisichokubalika ni kugundua kwenye rasimu ya tatu kwamba mhusika wako habadiliki kwa sababu tu hukumpangia.

Kukagua rasimu

Njia ninayoiamini kuliko zote ni onyesho pacha. Weka hali moja mara mbili. Mteja wa ukurasa wa 6 anayeomba kushonewa kwa mkopo, mrudishe mwingine wa aina yake ukurasa wa 96, na nguo iwe ile ile ya harusi. Kama Salma anatia mkasi kitambaani bila kudai pesa, safari inaonekana. Kama unahitaji aseme amebadilika, kuna ukurasa ulioukwepa kati ya 50 na 90, uutafute.

Kisha wape watu wawili au watatu kurasa 30 za kwanza tu, watu wasiojua hadithi yako. Waulize: Salma akiokota pochi barabarani, atafanya nini? Majibu yao yakikaribiana, mazoea yamekaa. Yakitawanyika, bado unaandika jina bila mtu. Usiwaulize kama wameipenda.

Mwisho, rudi kwenye ule ukurasa wa tukio baada ya rasimu ya kwanza kukamilika, kabla hujagusa ya pili. Utakuta umejifunza mambo kuhusu Salma ambayo hukuyajua ulipoanza, na tukio ulilompa halimtoshi tena. Liandike upya. Halafu fanya hivyo hivyo kwa Idi, nusu ukurasa tu, kwa sababu aliishi nyumba ile ile akiwa mchanga asiyekumbuka mnada, na mtu asiyekumbuka mnada hukopa bila woga.